Fishi ya duara, volti 220, hezi 60: frigo hii ilitengenezewa nani?

*Jambo fundi. Nauza maji na juisi baridi hapa Ndosho, Goma. Nilinunua frigo ya mtumba pale Birere, ina fishi ya vijiti viwili vya duara, na muuzaji aliapa ni ya Ulaya. Usiku umeme ukiwa dhaifu inagandisha vizuri. Umeme ukiwa na nguvu, kompresa inachemka, inalia "tok", inazimika. Nikanunua stabilizateri, ikawa mbaya zaidi. Gesi imeongezwa mara mbili. Ndani kuna etiketi yenye maandishi kama ya Kichina, humo nimesoma 220V~ 60Hz na 1,1 A. Ni ya Ulaya kweli? Nifanye nini?*

Mama, frigo yako ni ya Korea Kusini. Tena si katika zile ambazo Wakorea hutengeneza za kupeleka nje, ni ya kutumiwa nyumbani kwao. Nasema hivyo bila kuiona, kwa sababu umenitajia mashahidi watatu wa kutosha: fishi, volti na hezi. Na lile linalokushangaza, kwamba frigo inapenda umeme dhaifu na kuchukia umeme mzuri, ndilo linaloniondolea shaka iliyobaki.

Tuanze na fishi, kwa kuwa ndiyo iliyokuponza. Vijiti viwili vya duara ni vya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, ni kweli. Lakini ni vya Uturuki pia, vya Urusi, vya Indonesia, vya kwetu Kongo, vya jirani zetu Rwanda, na vya Korea Kusini. Anayekuambia "duara, basi Ulaya" ni kama anayemwona mtu amevaa kitenge akasema huyu ni wa Bukavu. Fishi pekee inakupa kundi kubwa la nchi, haikupi nchi.

Tena fishi ndicho kitu cha kwanza kubadilishwa sokoni. Muuzaji anajua wateja wake wana prizi za aina gani, anakata ya zamani kwa kisu na kufunga mpya ya dola moja. Kwa hiyo kabla ya kuiamini, iangalie imeungwaje. Fishi ya kiwandani imemwagwa pamoja na kable, plastiki moja, haina skrubu. Ukiona skrubu, hiyo imefungwa baadaye na ushahidi wake ni bure. Hapo soma kable yenyewe, kwa sababu wachache hujisumbua kuibadilisha. Kable ya Ulaya huwa na maandishi madogo yaliyogandamizwa kwenye ngozi yake, kama H05VV-F, na ndani nyaya zake ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Kable ya Marekani huandikwa AWG mahali fulani, na ndani utakuta nyeusi, nyeupe na kijani. Nimewahi kuletewa kikaango cha umeme chenye fishi nzuri ya duara, kable ikasema AWG. Tulipokigeuza tukakuta chini 120V. Mwenyewe alikuwa bado hajakichomeka, Mungu alimpenda.

Kama fishi yako ni ya asili, tazama kitu kimoja zaidi. Prizi za Kibelgiji tulizoachiwa hapa zina kijiti cha ardhi kinachochomoza kutoka kwenye prizi yenyewe, na fishi yake huwa na tundu la kukipokea. Wajerumani wao huweka ardhi kwenye vibao viwili vya chuma ubavuni mwa fishi. Vifaa vingi vinavyouzwa Ulaya siku hizi vina vyote viwili, tundu na vibao, ili viingie kote. Kwa hiyo ukiona fishi nene ya duara yenye vibao vya ubavuni lakini haina tundu, jua haikutengenezwa kwa kufikiria Ubelgiji wala Ufaransa. Korea nayo hutumia umbo hilo la Kijerumani. Hapo ndipo macho yanapodanganyika.

Na kinyume chake nacho ni kweli, nami huwa nasikitika nikikiona. Watu wa Goma wanakimbia frigo yenye vijiti vitatu vinene vya mstatili, wakisema "hiyo si ya umeme wetu". Umbo hilo ni la Uingereza, na linatumika Kenya, Uganda, Zambia, Dubai. Nchi hizo zote zina volti za kati ya 220 na 240 na hezi 50. Frigo ya namna hiyo ingekufaa kabisa. Ungebadilisha fishi tu, au bora zaidi ungenunua adapta, maana ndani ya fishi ile ya Kiingereza mna fyuzi na ukiikata unaitupa. Iliyokutia hofu ingekuwa nzuri, iliyokupa moyo ndiyo mbaya.

Shahidi wa pili ni volti, naye anazungumza zaidi kwa namna alivyoandikwa kuliko kwa namba yenyewe. Etiketi ikisema 220-240V, ujue kiwanda kililenga masoko mengi kwa mpigo: Ulaya, Uingereza, Afrika, nchi za Ghuba. Ikisema 230V peke yake, mara nyingi ni mali ya Ulaya. Ikisema 240V peke yake, fikiria Uingereza ya zamani, Australia, Malaysia au Kenya. Ikisema 100V, usijiulize mara mbili, ni Japani. 120V ni Marekani na Kanada, 127V ni Meksiko au sehemu za Brazili. Yako inasema 220V tu, bila mstari wa kwenda kwenye namba nyingine. Hiyo ni lugha ya kiwanda kinachouzia nchi moja yenye volti hizo, na hapo wanabaki wachache. Uchina ni mmoja wao, na ndiyo sababu mtu angeweza kusema "ni ya Kichina". Mashine kuukuu za Ulaya nazo ziliandikwa 220, kabla Ulaya haijakubaliana kuandika 230.

Ndipo anakuja shahidi wa tatu, hezi, ambaye sokoni hakuna anayemwuliza kitu. Umeme wa ukutani hauendi upande mmoja. Unakwenda na kurudi, na hezi ni idadi ya safari hizo kwa sekunde moja. Kongo ni 50. Rwanda, Uganda, Ulaya yote, Uchina, karibu Afrika yote, ni 50. Hezi 60 ni za Marekani na majirani zake wengi, na huko kwa kawaida zinaandamana na volti ndogo, 120 au 127. Kwa hiyo volti 220 na hezi 60 zikikutana kwenye etiketi moja, umeshika kitu cha nadra. Ulaya imetoka. Uchina imetoka. Nchi zinazobaki zinahesabika, nami nitakutajia baadhi: Korea Kusini, Ufilipino, Saudi Arabia na Peru.

Sasa mrudishe shahidi wa kwanza aongee, maana akiwa na wenzake anasaidia. Ufilipino hutumia vijiti viwili bapa kama vya Marekani. Saudi Arabia hutumia vile vitatu vya mstatili, na siku hizi etiketi zao husema 230V 60Hz. Peru iko mbali na mali zake hazipandi meli kuja Mombasa. Vijiti vya duara, 220, 60: Korea Kusini. Wakorea zamani walikuwa na volti 100 na 110. Mwaka 1973 wakaanza kuhamia 220, nyumba kwa nyumba, kazi iliyomalizika 2005. Walibadilisha volti na umbo la prizi, hezi wakaziacha zilivyokuwa. Frigo yako ni mtoto wa uamuzi huo.

Kama bado hujaniamini, rudi kwenye yale maandishi "kama ya Kichina". Tafuta viduara vidogo vilivyofungwa kamili, kama herufi o, vikiwa vimekaa juu au chini ya vijiti vilivyonyooka. Maandishi ya Kichina hayana viduara. Ya Kikorea yamejaa viduara. Karibu nayo huenda ukaona alama ya herufi K na C zilizoshikana, ambayo ndiyo alama ya ukaguzi ya Korea. Mali ya Ulaya ingekuwa na CE.

Neno la tahadhari kuhusu Saudi, kabla sijaendelea. Mali nyingi zinapitia Dubai, na Dubai ni hezi 50, lakini jirani yake Saudi ni 60, na fishi zao ni zile zile. Anayenunua klimatizeri kwa kuangalia fishi tu anaweza kupewa ya Riyadh akidhani ya Dubai. Hapo fishi haisaidii kitu, ni etiketi tu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ndani ya kompresa mna mota, na ndani ya mota mna chuma kilichozungushiwa waya. Kila umeme unapokwenda upande mmoja unakijaza chuma hicho usumaku, ukirudi unakimwaga na kukijaza upande mwingine. Fikiria foleni ya maji: kila safari ya umeme ni zamu ya bidoni moja la lita 20 chini ya robine. Volti ni jinsi robine ilivyofunguliwa. Hezi zinaamua bidoni linakaa chini ya robine muda gani. Mkorea alipima bidoni lake kwa umeme wa hezi 60, ambapo zamu ni fupi, likajaa barabara. Wewe umelileta Goma, zamu ni ndefu zaidi, kwa kuwa safari ni 50 tu kwa sekunde. Robine ni ile ile ya 220. Hesabu yake: 220 gawanya kwa 60 ni 3,67, 220 gawanya kwa 50 ni 4,4. Imezidi kwa sehemu moja ya tano. Yaani unatia lita 24 kwenye bidoni la 20.

Chuma hakiwezi kubeba usumaku kupita kipimo chake. Kikishajaa, waya unaanza kuvuta kurenti nyingi bila kazi yoyote ya maana, na kurenti hiyo inauchemsha waya. Ndiyo hiyo kompresa inayochemka. Ile "tok" ni kliksoni, kidude kidogo ubavuni mwa kompresa kinachokata umeme joto likizidi. Kinapoa, kinarudisha, joto linapanda, kinakata tena. Frigo inafanya kazi vipande vipande, juisi haigandi, na mtu anasema gesi imeisha.

Gesi haikuisha, Mama. Na ile iliyoongezwa mara mbili yaelekea imezidisha tatizo, kwa sababu frigo ya nyumbani hubeba gesi kidogo iliyopimwa kwa gramu, na kipimo hicho kimeandikwa kwenye etiketi ile ile. Ikizidi, kompresa inasukuma mzigo mkubwa zaidi. Fundi atakayekuja aitoe na kuipima upya. Kama etiketi inasema R600a, mwambie kabla hajawasha moto wa kulehemu, maana gesi hiyo inawaka kama ile ya kupikia.

Sasa utaelewa kwa nini usiku frigo ilikuwa na furaha. Watu wote wakipika, umeme wa mtaani unashuka, tuseme mpaka 190. Gawanya kwa 50: unapata 3,8. Karibu sawa na 3,67 ya Mkorea. Robine ilikuwa imefungwa kidogo na bidoni likaacha kumwagika. Kisha ukanunua stabilizateri, chombo kizuri chenye nia njema, kikazipandisha zile 190 hadi 220 usiku na mchana. Kilikuondolea saa pekee ambazo frigo ilikuwa inapumua. Usikitupe, tutakihitaji.

Kabla ya kutumia hata dola moja, kuna etiketi ya pili ya kusoma. Vuta frigo mbele, toa fishi ukutani, tazama nyuma chini. Kompresa, ule mtungi mweusi, una etiketi yake, tofauti na ile ya ndani. Etiketi ya ndani inasema frigo nzima iliuzwa kwa nani. Ya kompresa inasema mota inavumilia nini. Yako inaweza kusema mambo matatu.

Inaweza kuandikwa volti na hezi mara mbili, kwa mfano 200-220V 50Hz na chini yake 220-230V 60Hz. Hiyo ni kompresa ya kuuzwa kote, na ukiikuta, basi mimi nimekosea ugonjwa ingawa sikukosea nchi: joto lina chanzo kingine, na ningeanza kuishuku ile gesi iliyozidi. Inaweza pia kuandikwa hezi kwa upana mkubwa, kama 40 hadi 150, na nyaya zake tatu zinaingia kwenye kisanduku chenye kadi ya elektroniki. Hiyo ni ya inveta. Kadi hiyo inaubadilisha umeme wa ukutani kuwa wa upande mmoja kisha inautengeneza upya kwa hezi inazotaka yenyewe, kwa hiyo haijali kama unaipa 50 au 60. Frigo ya Korea ya namna hiyo ningeinunua hapa bila kusita. Lakini dalili zako si za inveta. Natarajia utakuta ya tatu: 220V 60Hz, basi.

Kuna kipimo cha kuthibitisha, na fundi yeyote mwenye pensi, ile mita ya kubana waya, anakiweza kwa dakika kumi. Apime ampea frigo ikiwa kwenye stabilizateri, kompresa imeshatulia baada ya kuwaka. Kama inavuta zaidi ya ile 1,1 ya etiketi, aandike. Kisha apunguze volti hadi karibu 185 na kupima tena. Mota iliyojaa kupita kiasi itaonyesha ampea zikishuka sana volti zikishuka, na mngurumo wake utalainika hata sikio la mtoto litasikia. Mota iliyochoka kwa sababu nyingine haifanyi hivyo. Ukiipunguzia volti inang'ang'ana zaidi.

Dawa inatoka kwenye hesabu ile ile. Hezi za Goma hatuwezi kuzigusa. Tunaweza kugusa volti, mpaka mgawanyo urudi 3,67. Mara 50, ni volti 183. Frigo yako inataka 183, si 220.

Usinunue transfo ya 220 kwenda 110, hiyo ni ya vitu vya Marekani na itaiua kwa njaa. Unaweza kumwendea fundi wa kubobina mota akutengenezee ya 220 kwenda 183, lakini kuna njia ya bei ndogo. Atafute transfo ya kawaida ya 220 kwenda 36. Upande wa 220 aunge kwenye umeme. Upande wa 36 auunge kwa mfuatano kwenye waya unaokwenda kwenye frigo, ukiwa umegeuzwa, ili zile 36 zitolewe badala ya kuongezwa. Zitabaki 184. Uzuri wake ni kwamba transfo haibebi mzigo wote wa frigo, inabeba zile volti 36 tu. Kompresa ikianza huvuta mara sita hivi ya kawaida kwa nukta chache, tuseme ampea 7. Saba mara 36 ni kama 250, kwa hiyo transfo ya VA 300 inatosha, wakati ile ya kubeba kila kitu ingetakiwa kuwa nene zaidi.

Hatari yake ni moja na inaepukika. Nyaya za upande wa 36 zikiungwa kinyume, volti zinaongezeka na unapata 256. Kwa hiyo kwanza balbu, kisha mita, frigo mwisho. Kama mita inasema 256, anabadilishana nyaya mbili za upande wa 36 na kupima tena. Kisha kila kitu kiingie kwenye boksi lililofungwa, lenye fyuzi, na waya wa ardhi wa frigo upite moja kwa moja mpaka kwenye prizi. Usimruhusu aache transfo uchi juu ya frigo mahali wateja wanapoegemea mikono.

Na hapa stabilizateri yako inapata kazi. Mpangilio ni ukuta, stabilizateri, transfo, frigo. Bila stabilizateri, umeme ukishuka usiku hadi 185, transfo itatoa kama 30 badala ya 36, frigo ipate kama 155, na kompresa itashindwa kuanza. Itanguruma tu mpaka kliksoni ikate. Stabilizateri ikiwa mbele, transfo inapokea 220 daima na frigo inapata 184 daima.

Usitegemee kila kitu kiwe kama Seoul. Mota ya namna hii ikiwa kwenye hezi 60 huzunguka kama mara 3500 kwa dakika. Kwetu itazunguka kama 2900. Inasukuma gesi pungufu kwa sehemu moja ya sita, kwa hiyo maji yaliyogandishwa kwa saa tano yatataka sita. Kwa biashara yako jaza jioni, si asubuhi. Kama frigo ni ya kuyeyusha barafu yenyewe, rezistansi ya kuyeyusha nayo itapata nguvu kama asilimia 70 ya kawaida kwa volti hizo, na kama saa yake ni ya mota ndogo, si ya kadi, itachelewa: zamu ya kila saa 8 itakuja kila saa 9 na nusu na kidogo. Ukiona barafu inajenga ukuta nyuma ya rafu, hiyo ndiyo sababu. Izime usiku mmoja kwa juma, milango wazi.

Njia nyingine ni kubadilisha kompresa, uweke ya 220-240V 50Hz ya ukubwa ule ule na ya gesi ile ile. Ndiyo safi kabisa, lakini ni kukata mabomba, kufyonza hewa, kujaza upya, na gharama yake inaweza kukaribia ya frigo nyingine ya mtumba. Ningeifanya tu kama kompresa ya sasa imeshaungua. Na kwa miezi hii iliyokuwa ikichemka, siwezi kukuahidi kwamba vanishi ya waya zake iko salama.

Utarudi Birere siku moja, kwa hiyo nikupe la Japani, maana fishi yake bapa inawatisha watu bure. Vitu vingi vya Japani vimeandikwa 100V 50/60Hz. Hiyo 50/60 haikuwekwa kwa ajili yetu. Mwaka 1895 Tokyo ilichukua majenereta ya Kijerumani ya hezi 50, mwaka uliofuata Osaka ikachukua ya Kimarekani ya hezi 60, na mpaka leo nchi imegawanyika mashariki na magharibi kuzunguka mto Fuji. Kiwanda cha frigo hakitaki kupoteza nusu ya wateja, basi mota inatengenezwa kwa zote mbili. Frigo ya namna hiyo ukiipatia transfo nzito ya 220 kwenda 100 inaishi Goma bila malalamiko. Ya Marekani, 120V 60Hz, ukiipatia transfo umetibu volti tu. Hezi zimebaki, na itachemka kama yako. Angalia mikrowevu tu: baadhi za Kijapani ziliuzwa kwa nusu moja ya nchi, zimeandikwa 60Hz peke yake au 50Hz peke yake. Ya 60 iache hapo hapo.

Na usidanganywe na adapta. Inabadilisha umbo la vijiti, haigusi volti wala hezi. Pasi ya Japani ya volti 100 ukiichomeka kwa adapta kwenye 220 inapata nguvu karibu mara tano ya iliyotengenezewa, na haitamaliza shati la kwanza.

Kwa leo, Mama, fanya hivi: ondoa stabilizateri, mchana frigo isiwashwe kabisa, iwashe usiku tu bila stabilizateri, mpaka transfo iwe tayari. Boksi likishafungwa, chukua skochi na kalamu nzito, uandike juu ya prizi yake "VOLTI 184, FRIGO TU", kabla mtoto hajaja kuchomekea televisheni. Na juu ya mlango wa frigo, chini ya bei za juisi, andika "KOREA 60Hz". Atakayeinunua kwako asome mwenyewe.